Tupeane uzoefu: siku 18 za likizo zimebaki, naambiwa Desemba zinakufa

Mwana Ngamiani
Za mchana wakuu. Nipo kwenye uwakala wa forodha hapa Tanga mjini, niliajiriwa 1 Aprili 2024. Kwenye siku 28 za mwaka wa kwanza nimechukua 10 tu. Zile 18, kila nikigusia naambiwa meli iko gatini, subiri. Sasa ni Novemba, nataka niandike barua nizivushe mwakani, dada wa utumishi anasema ikifika 31 Desemba zinafutika. Aliyewahi kuvusha aliandikaje?

Bi Chumbageni
Umenitonesha kidonda mwaya. Mwaka juzi na mimi niko kazi hizo hizo, nikapewa likizo ya wiki mbili baada ya kubembeleza mwaka mzima. Naenda Lushoto kuposwa, wazee wamekaa wananisubiri. Basi limefika Korogwe, simu: kuna kontena limekwama, nywila ya kuingilia TANCIS, mfumo wa forodha, unayo wewe peke yako, rudi. Nikashuka. Nimesimama stendi na kapu la ndizi na vitenge vya mama mkwe, nalia. Nimerudi Tanga saa kumi jioni, kontena lilitoka siku ya tatu. Bosi akasema zile siku zilizobaki "utazichukua tu". Hakuandika popote. Baada ya miezi minne kahamishwa, aliyekuja akafungua faili: likizo imechukuliwa, wiki mbili, sahihi yangu ipo.

Kijana wa Mombo
Sasa posa iliendaje??

Bi Chumbageni
Ilisogezwa. Nimeolewa, usijali.

Fundi Makorora
Dada na wewe ulishuka kwenye basi kwa ajili ya kontena la mtu! Mimi ningezima simu.

Bi Chumbageni
Unaongea hivyo kwa sababu umejiajiri. Ada ya mdogo wangu ungelipa wewe?

Mzee wa Mkonge
Nimeshika masijala ya mishahara shambani miaka mingi, ngoja nimjibu mwenye swali kabla hamjamsahau. Kijana, Desemba haikuhusu. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwaka wako wa likizo unahesabiwa tangu siku uliyoanza kazi. Wa kwanza umeisha 31 Machi 2025. Mwajiri alikuwa na ruhusa ya kukusogezea hadi miezi sita baada ya hapo, yaani 30 Septemba. Imepita. Anaweza kufika miezi 12, yaani 31 Machi 2026, ila hapo lazima wewe uwe umeridhia na iwepo sababu ya kazi yenyewe.

Kwa hiyo usiombe "kuvusha mwakani", hilo ni neno la hewani. Andika kwamba umeridhia siku 18 zisogezwe kwa sababu ya meli, ambatisha barua pepe za kukunyima, taja tarehe kabisa: 2 hadi 19 Februari. Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukivuka Machi bila karatasi, hata ukiacha kazi, siku hizo 18 hawalazimiki kukulipa.

Mwana Ngamiani
Shikamoo mzee. Nilitaka ziangukie Idd, nianze 14 Machi niishie 31.

Mzee wa Mkonge
Marahaba. Hesabu imetimia 18, lakini meli ikichelewa huna pa kusogea. Halafu Idd ikiwa ndani ya likizo inahesabiwa humo humo, kama Jumapili. Utakuwa umelipia sikukuu kwa siku zako.

Pwani Mapokezi
Mimi niko hoteli Bagamoyo. Sisi zisizochukuliwa tunalipwa hela na maisha yanaendelea. Dai pesa.

Mzee wa Mkonge
Pesa si ya kuanza nayo. Sheria inataka mtu apumzike.

Pwani Mapokezi
Mzee, mimi nimelipwa kwa mkono wangu!

Mzee wa Mkonge
Sikatai umelipwa. Nasema usimfundishe mwenzio kuidai kama haki.

Mwalimu Pangani
Huku ualimuni likizo ni shule zikifungwa, hata sielewi mnavushaje.

Fundi Makorora
Mwalimu hajaulizwa. Mwana Ngamiani, na ile nywila fundisha mtu wa pili kabla ya Februari, usije ukashushwa Korogwe.

Mwana Ngamiani
Nimeandika Februari. Dada wa utumishi kapokea, ila muhuri kasema mpaka bosi arudi kutoka Dar. Arudi lini, hajui.

Bi Chumbageni
Mtumie na kwa barua pepe leo leo, mwaya. Leo.