Tupeane uzoefu: dira ya roboti yako ilipotoshwa na nini, na ulijuaje?

Fundi_Ahero: Wakuu, nina kiroboti cha palizi kinachopita kati ya mistari ya sukuma. Dira nimeisawazisha katikati ya shamba, mbali na mabati. Nilikizungusha taratibu pale pale, X ikaenda kutoka -12 hadi 50, Y kutoka -38 hadi 24. Katikati ya X ni 19, ya Y ni -7, nikaziondoa kwenye kila kipimo. Duara likabaki na nusu kipenyo cha 31 pande zote mbili, na huku kwetu uga wa sumaku wa mlalo ni karibu maikrotesla 31, kwa hivyo hapo sina shaka. Kikisimama, mwelekeo ni sawa. Kikianza kuvuta jembe kuelekea kaskazini, kinajikunja kuingia kwenye mboga. Kikielekea mashariki hakina neno. Nani amewahi kuona hii?

Mama_Solda: Nimeiona, na kuzungusha tena hakutakusaidia. Ulichoondoa ni sumaku inayosafiri na roboti bila kubadilika, kama skrubu za chuma na sumaku za mota zenyewe. Mkondo wa umeme unabadilika kila mota inapokaza. Waya mmoja wenye ampea 10, sentimita 10 kutoka kwa chipu ya dira, unatoa maikrotesla 20. Ukipita chini ya chipu kutoka mbele kwenda nyuma, nawe umetazama kaskazini, hizo 20 zinasukuma kwa ubavu dhidi ya 31 za dunia, na dira inakosea nyuzi 33. Ukitazama mashariki, zinalala kwenye mstari ule ule wa kaskazini na kusini: nguvu inapanda hadi 51 au inashuka hadi 11, lakini mwelekeo unabaki. Ndiyo maana mashariki hakina neno.

Kiinue juu ya kreti za soda (za plastiki!) magurudumu yakiwa hewani, kitazame kaskazini, kisha ongeza mota polepole, ukishika magurudumu kwa kipande cha mbao ili mkondo upande. Mwili haujasogea, kwa hivyo mwelekeo ukihama ni umeme tu.

Abu_Kondele: Hata mimi ya kwangu inadanganya. Natafuta kibla kwa simu na kila siku inaonyesha upande tofauti. Naizungusha kama nane na wapi.

Mama_Solda: Abu, hapa ni roboti, lakini toa kwanza hicho kifuniko cha simu chenye kufunga kwa sumaku.

Mkaazi_wa_Milimani: Mnasumbuka na waya bure. Mimi niko Nakuru, na huku ni mawe ya Menengai. Mawe ya volkano yana sumaku ndani. Roboti yangu hupotea pale pale karibu na geti, kila siku.

Mashua_Dunga: Mawe kweli hupotosha, mzee, ila hayaelezi tatizo la mwenzetu wa Ahero, maana kwake kosa linafuata mota. Mimi nina mashua ndogo ya kupima maji ziwani. Kwanza nilikuwa nasoma takataka tupu: chipu imeandikwa HMC5883L, kumbe ndani ni QMC5883L. Ile ya kwanza hujibu kwa anwani `0x1E`, hii hujibu kwa `0x0D`, na rejista zake ni tofauti. Nilipobadilisha programu, likabaki la mawimbi. Huku uga wa dunia umeinama nyuzi 20 na kitu tu, lakini mashua ikilala nyuzi 10 kwa ubavu, mwelekeo bado unaweza kukosea kama nyuzi 4. Kwa hivyo mimi nasawazisha pande zote tatu, na naondoa kosa la kulala ubavu kwa kipima mwinamo.

Fundi_Ahero: Nimejaribu kreti. Kaskazini, mota ikikaza, inahama nyuzi 28. Mashariki ni 3.

Mama_Solda: Basi umepata. Waya wa kwenda na wa kurudi usokotwe pamoja kutoka betri hadi mota, ili uga wa mmoja ufute wa mwenzake. Chipu ipandishe kwenye paipu ya plastiki, skrubu za nailoni au shaba. Ukishahamisha, sawazisha upya, maana zile 19 na -7 ni za mahali pa zamani. Na uiambie programu: nguvu ya mlalo ikitoka nje ya 27 hadi 35, isiisikilize dira, ifuate jairoskopu na magurudumu mpaka itulie. Hilo litanasa makosa mengi, si yote. Msukumo wa ubavu ukiwa mdogo unageuza mwelekeo bila nguvu kubadilika sana.

Milimani, hapo getini pana mlima?

Mkaazi_wa_Milimani: Pana kamteremko. Inapanda kuingia.

Mama_Solda: Basi hatujui bado. Ikipanda, mota inavuta umeme zaidi, na pengine mawe yapo pia, na geti lenyewe ni chuma. Zima mota, isukume kwa mkono kwenye njia ile ile huku ikirekodi. Kosa likibaki, ni mahali.

Mkaazi_wa_Milimani: Ina kilo 40, dada. Nitatafuta vijana Jumamosi. Lakini ni mawe.