Naomba ushauri: Fisi anaposa, Kirusi kinamfanya mwanamke

Habari zenu wadau. Natafsiri hadithi ya watoto kwenda Kirusi, nimekwama kwa Fisi. Kwetu "Fisi alikwenda kuposa" haina shida, kwani "a-" ya ngeli ya A-WA haibagui mume na mke. Kirusi, kitenzi cha wakati uliopita lazima kionyeshe jinsia, na fisi wao, "giyena", ni neno la kike. Basi naandika "giyena poshla", na bwana harusi anasomeka mwanamke! Wakati uliopo, "idyot", haubagui, ila unaua ladha ya hapo kale. Nawaza "gospodin Giyena poshol", yaani Bwana Fisi, kitenzi kifuate "gospodin". Mliosoma Urusi, mtoto wa kule ataona ni kawaida? Kumgeuza mbwamwitu, "volk", sitaki kabisa.