Majirani Kijichi: cheki ya Zai

*Alhamisi, saa 12 jioni*

Zai: Asalaam aleikum majirani. Naombeni msaada. Leo nimelipwa hela ya chakula cha mafundi pale saiti, ya miezi miwili, mhasibu kanipa cheki. Nimefika nyumbani naisoma taratibu, kumbe jina si lenyewe. Muione.

Zai: 📷 Picha

Mama Neema: Zai mwanangu, futa hiyo picha kwanza. Sasa hivi. Namba ya akaunti ya hao watu inasomeka na saini zao zote mbili, na humu tuko zaidi ya sitini.

*Ujumbe huu umefutwa*

Zai: Shikamoo mama. Samahani, sikufikiria.

Mama Neema: Marahaba. Sasa andika kwa maneno: cheki inasemaje, na akaunti yako inasemaje, herufi kwa herufi.

Zai: Cheki: Zainab R. Mohamed. Akaunti ni kama kitambulisho cha NIDA: Zainabu Rashidi Muhamedi. Kiasi 1,840,000.

Hamisi: Hiyo ndogo hiyo. Chukua kalamu ongeza u, andika Rashidi kamili, mrudishie mhasibu asaini pembeni. Sisi ofisini tulifanya hivyo miaka yote.

Mama Neema: Usiiguse na kalamu Zai!! Hamisi, mlifanya hivyo zamani, wakati cheki yenyewe inasafiri kwenye mfuko hadi benki ya mwenye nayo. Siku hizi inayokwenda ni picha. Yule wa upande wa pili anaona jina limechorwachorwa na hajui nani kalichora. Benki nyingi zinairudisha, hata ikiwa na saini pembeni. Na sehemu mbaya kuliko zote ya kuchora ni jina na kiasi.

Hamisi: Basi arudi akaandikiwe nyingine.

Zai: Mhasibu mwenyewe kesho anasafiri 😩 na waweka saini wako wawili, mmoja kumpata ni kazi. Nina madeni ya mchele na mafuta dukani.

Babu Seif: Mimi walinikatalia kwa sababu saini yangu inatetemeka. Zai, fanya mazoezi kwanza kwenye karatasi.

Rehema: Babu, Zai hasaini, yeye ndiye analipwa 😂

Babu Seif: Aa. Lakini mazoezi hayadhuru.

Mama Neema: Zai, sikiliza, si lazima iandikwe nyingine. Wewe unadhani itakayolikagua jina ni benki ya hao wenye saiti. Siyo. Ile benki inaangalia saini, tarehe, kiasi cha tarakimu na cha maneno kama vinafanana, na kama hela ipo. Akaunti yako inaitwaje haijui, wala haina pa kuiona. Anayelinganisha majina ni benki yako, pale dirishani unapoiweka.

Mama Neema: Na benki yako ikimwekea asiye mwenyewe, mwenyewe akija kudai inaweza kulazimika kulipa yenyewe. Ndiyo maana karani anakukodolea macho. Hagombani na herufi, anajiuliza swali moja: huyu aliyesimama mbele yangu ndiye aliyekusudiwa na mwandishi wa cheki?

Zai: Sasa atajuaje?

Mama Neema: Tuchukue jina lako kipande kwa kipande. Zainab na Zainabu, karani yeyote wa Dar ameshaziona mara elfu. Hassan na Hassani, Rashid na Rashidi, ni i au u tuliyoibandika wenyewe kwa sababu mdomo wetu haupendi neno liishie hewani. R. badala ya Rashidi, kifupisho, kinakubalika. Mohamed na Muhamedi ni jina lilelile, walioandikisha waliandika walivyosikia. Kila kimoja peke yake kinapita bila hata kuulizwa.

Mama Neema: Shida yako ni kwamba viko vitatu kwa pamoja. Na Zainab R. Mohamed mjini hapa si mmoja. R. inaweza kuwa Ramadhani, inaweza kuwa Rajabu. Kwa hiyo ataomba kitu cha kumtuliza moyo.

Rehema: Kama NIDA.

Mama Neema: NIDA inasema yeye ni Zainabu Rashidi Muhamedi, na hilo benki wanalo tayari. Haiwaambii kwamba huyo wa kwenye cheki ni yeye. Kinachounganisha ni karatasi ya kazi. Zai, uliwapelekea ankara?

Zai: Niliandika kwenye kitabu cha risiti, sahani kwa sahani, mhasibu akapiga mhuri. Nakala ninayo. Juu ameandika Zainab Mohamed, na namba yangu ya simu.

Mama Neema: Namba ya simu ileile iliyoko benki?

Zai: Ndiyo.

Mama Neema: Hapo umemaliza nusu ya kazi. Nenda tawi ulikofungulia akaunti, usiende lingine kwa sababu foleni ni fupi. Beba NIDA, cheki na hiyo nakala. Usisubiri wagundue, waambie wewe mwenyewe mwanzo: jina limefupishwa, hii hapa kazi niliyolipiwa. Karani akisita omba msimamizi wake. Cheki za namna hii anayeamua ni yeye, karani anaogopa tu kubeba lawama.

Hamisi: Na nyuma ya cheki asaini jina kama lilivyokosewa, chini yake asaini lake la kweli. Hiyo nina uhakika nayo.

Mama Neema: Hapo Hamisi uko sawa kwa sheria. Jina likikosewa herufi, mlipwaji anaweza kusaini nyuma kama alivyoandikwa halafu akaongeza saini yake. Ila Zai usisaini nyumbani. Kuna benki zinataka hivyo, nyingine nyuma zinataka namba ya akaunti na simu tu. Waulize, usaini mbele yao.

Godi: Mama Neema shikamoo. Mimi nina yangu. Mteja kaniandikia "Godi Aluminium", akaunti ni yangu binafsi, Godfrey na majina ya ukoo. Cheti cha BRELA cha jina la biashara ninacho, jina langu limo. Si ni kama ya Zai tu?

Mama Neema: Marahaba Godi. Siyo kama ya Zai. Ya Zai ni jina moja limeandikwa vibaya. Yako ni majina mawili, yote sahihi. Ikiwa na ile mistari miwili ya kona na maneno kwamba alipwe mwenye akaunti pekee, benki itakuambia ufungue akaunti ya Godi Aluminium, na cheti chako ndicho kitakachotumika kuifungua.

Godi: Mbona mwaka juzi ilipita? Akaunti hiihii, jina hilohilo.

Mama Neema: Mteja alikuwa benki moja na wewe?

Godi: Ndiyo. Na meneja nilimwekea madirisha kwake.

Mama Neema: Haya.

Godi: 😂😂 lakini ilipita!

Mama Neema: Ilipita kwa sababu mtu aliyekujua alikubali kuibeba. Akihamishwa tawi, imehama naye.

Godi: Bado sijaelewa. Cheti kinaonyesha mmiliki ni mimi peke yangu, hakuna kampuni hapo. Hela ni ya nani kama si yangu?

Mama Neema: Hela ni yako, sibishi. Kuna wasimamizi wanaofikiri kama wewe na wanaipitisha kwa nakala ya cheti. Wengi niliofanya nao kazi hawakuipitisha.

Rehema: Mimi nililipwa kwa jina la mume, akaunti ya jina la baba. Walitaka cheti cha ndoa, kisha wakanituma kwa wakili nikaape kwamba majina yote mawili ni yangu. Kiapo nikakilipia mwenyewe.

Mama Neema: Kweli, jina la ukoo likibadilika lote halipiti kwa maelezo ya mdomo. Kitunze hicho kiapo Rehema, utakihitaji tena.

Hamisi: Haya yote ya nini? Wangemtumia tu kwa akaunti. Huko jina lazima lifanane herufi kwa herufi, kosa moja hela inarudi yenyewe.

Mama Neema: Hapana Hamisi, huko kinachoiongoza hela ni namba. Ukituma kwa simu, jina la mwenye akaunti linatokea kabla hujaweka namba ya siri, na kazi ya kulinganisha unaachiwa wewe mtumaji. Ukijaza fomu benki kwenda benki nyingine, jina unaandika wewe. Kufika kule inategemea mfumo wao. Upo unaosoma namba tu na kuingiza. Upo unaoisimamisha mpaka mtu aitazame kwa macho: tofauti ya Zainab na Zainabu anaipitisha, jina jingine kabisa anaiweka pembeni na kuuliza benki iliyotuma. Siku mbili tatu zinakwisha wewe unaambiwa "imetumwa", na kweli imetumwa.

Hamisi: Kwa hiyo nikikosea namba lakini jina sahihi?

Mama Neema: Ikiwa namba uliyokosea ni ya mtu, inaweza kuingia kwake na jina lako sahihi lisikusaidie kitu. Mimi nimemwona mstaafu akipigizana simu na mtu asiyemjua, anambembeleza arudishe. Kwa hiyo ukiagiza kulipwa, usiandike jina kwa kichwa. Nakili kama lilivyo kwenye karatasi ya benki, na namba isomewe mtu mwingine kwa sauti.

Babu Seif: Nami saini yangu je?

Mama Neema: Babu, nenda tawini ujaze upya kadi ya saini, uweke hii ya sasa. Huenda wasikukatalie tena.

Babu Seif: Ahsante. Wewe peke yako ndiye umenijibu.

*Ijumaa, saa 8 mchana*

Zai: Majirani, nimetoka Rangi Tatu. Karani aliikataa!! Alisema "Mohamed siye Muhamedi". Nikaomba msimamizi kama mama alivyosema. Yule dada akatazama nakala yenye mhuri, akaniuliza namba ya simu bila kuniangalia, akaona ni ileile. Akanisainisha nyuma mara mbili, Zainab R. Mohamed, halafu saini yangu. Akatoa nakala ya NIDA akaibana nayo.

Mama Neema: Alisema lini itaiva?

Zai: Jumatatu au Jumanne.

Mama Neema: Basi mwenye duka la mchele mwambie Jumatano. Na mpaka hapo usiitumie hata kichwani. Jina limekwisha, bado wao kukagua saini zao na salio.

Hamisi: Nilisema asaini nyuma 😎

*Jumanne, saa 3 asubuhi*

Zai: Imeingia. 1,840,000 kamili. Mhasibu nimemtumia picha ya karatasi ya benki yenye jina langu, mwezi ujao aniwekee kwa akaunti. Kajibu "sawa dada Zaynab".

Rehema: 😂😂😂 sasa ya nne!

Mama Neema: Mpelekee namba tena. Isome mara mbili.

Godi: Na mimi naenda na cheti changu kesho. Mama Neema, tutaona.