Tupeane uzoefu: furosemaidi, mizani ya asubuhi na potasiamu

Binti Mkubwa
Habari zenu ndugu. Leo kliniki nimemsikia mama mmoja akimweleza daktari kwamba mumewe huongeza mwenyewe furosemaidi, ile dawa ya kukojoza maji, kila anapoona miguu imejaa, na yaliyotupata na baba yakanirudia yote. Ningependa wanaouguza wagonjwa ambao moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri waeleze: mnapima uzito vipi, potasiamu mliijuaje, na ni lini mliona sasa lazima kliniki wajulishwe?

Naanza na letu. Baba alikuwa akimeza furosemaidi ya miligramu 40 kila asubuhi pamoja na dijoksini, na uzito wake wa kawaida, maji yakiwa yameshapungua, ulikuwa kilo 68. Goti likamsumbua, akanunua diklofenaki bila kumweleza mtu. Jumatatu mizani ilisoma 68.1, Jumanne 68.9, Jumatano 69.6 na Alhamisi 70.5. Miguu haikuwa imevimba sana, ilibaki tu alama ya soksi, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyeshtuka. Yeye ndiye aliyeziona namba, akaamua kujitibu: vidonge viwili asubuhi na viwili jioni. Alikojoa usiku kucha, na wiki iliyofuata uzito ulishuka hadi 65.8, miguu ikawa mikavu, sote tukafurahi.

Kisha misuli ya mapaja ikaanza kumkaza, akachoka kiasi cha kushindwa kupanda ngazi, akawa na kichefuchefu, na akasema moyo unaruka pigo. Tulidhani ni uzee na uchovu wa kukosa usingizi. Alipoanguka alipokuwa akiinuka kitini ndipo tukamkimbiza hospitali. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mapigo yamevurugika, na potasiamu ilikuwa 2.7, wakati inatakiwa iwe kati ya 3.5 na 5. Walimrudishia kwa dripu ya polepole huku mashine ikifuatilia moyo wake muda wote.

Kijana wa Pwani
Pole sana dada. Hiyo ya kuruka pigo naijua, haisahauliki.

Mzee Mtulivu
Poleni. Funzo hapa ni rahisi: anayemeza furosemaidi ni lazima apewe na vidonge vya potasiamu, basi. Dawa hiyo hukojoza madini pamoja na maji. Mimi hutumia pia ile chumvi mbadala isiyo na sodiamu.

Muuguzi Mstaafu
Mzee wangu, shikamoo. Hilo la madini ni kweli: furosemaidi hupoteza potasiamu, na aliyezidisha dozi huipoteza zaidi. Lakini neno "lazima" ndilo linaloniogopesha. Wagonjwa wengi wa moyo hupewa pia spironolaktoni, au enalapili na ndugu zake, na dawa hizo huizuia potasiamu isitoke. Mtu wa namna hiyo akiongeza vidonge vya potasiamu, au chumvi mbadala ambayo mara nyingi imetengenezwa kwa kloridi ya potasiamu, potasiamu yake inaweza kupanda hadi kiwango kinachosimamisha moyo, hasa figo zikiwa dhaifu. Naomba uwaonyeshe kliniki hiyo chumvi yako pamoja na dawa zako zote.

Kwa baba wa Binti Mkubwa kulikuwa na mambo mawili ya ziada. Diklofenaki huufanya mwili ushike chumvi na maji na huzipunguzia figo uwezo, kwa hiyo huenda ndiyo iliyopandisha mizani tangu mwanzo. Tena potasiamu ikishuka, dijoksini huuvuruga moyo hata kwa kipimo kilekile alichokizoea. Kichefuchefu kile kilistahili kuulizwa siku hiyohiyo.

Mzee Mtulivu
Marahaba. Nimetumia chumvi hiyo kwa muda mrefu na sijaona tatizo lolote.

Muuguzi Mstaafu
Potasiamu haionekani, mzee wangu. Ikipanda unaweza usihisi kitu hadi mapigo yabadilike. Anayeijua ni maabara.

Binti Mkubwa
Na kweli ilitutokea upande huo wa pili. Baba aliruhusiwa akiwa na vidonge vya potasiamu. Baadaye kliniki wakamwanzishia spironolaktoni, lakini vile vidonge vilibaki kwenye boksi lake la dawa na hakuna aliyemwambia aache. Damu iliyochukuliwa wiki moja baadaye ilisoma 5.8, ilhali yeye alikuwa mzima, anacheka. Walivisimamisha siku hiyo na kurudia kipimo. Tangu hapo kila dawa inapoongezwa au kubadilishwa dozi nauliza mambo mawili tu: damu ya potasiamu na figo itapimwa lini, na kuna dawa gani ya zamani ya kuacha?

Mama Wawili
Mimi vifundo vya miguu huvimba kila jioni na nameza amlodipini kwa presha. Je, na mimi nianze furosemaidi?

Muuguzi Mstaafu
Dada, hilo ni jambo jingine. Amlodipini yenyewe huvimbisha vifundo vya miguu, na furosemaidi mara nyingi haisaidii sana uvimbe huo. Mweleze aliyekuandikia amlodipini, usiiache wala usiongeze kitu.

Kijana wa Pwani
Turudi kwenye mizani. Sisi tuliambiwa tupige simu uzito ukizidi kilo mbili ndani ya siku tatu.

Fundi Saa
Sisi tuliambiwa kilo moja na zaidi kwa usiku mmoja inatosha. Kungoja siku tatu ni kungoja mapafu yajae.

Kijana wa Pwani
Ukipiga simu kwa kila kilo utawachosha bure. Chakula cha usiku pekee kinaweza kuleta tofauti.

Fundi Saa
Ndiyo maana mtu hupima baada ya kukojoa, kabla ya kula, kwa nguo nyepesi zilezile na mizani ileile kwenye sakafu ngumu. Ukipima jioni ukiwa umevaa viatu utabishana na mizani maisha yako yote.

Muuguzi Mstaafu
Kliniki hutofautiana kwa namba hizo, na nyote mmefuata mlichopewa. Ombeni namba yenu iandikwe kwenye daftari. Pigeni simu vilevile uzito ukishuka kupita kiasi pamoja na kizunguzungu, na mgonjwa akiharisha au kutapika, kwa sababu huenda wakamwambia asimamishe furosemaidi kwa muda. Akikosa pumzi akiwa ametulia, akizimia au kifua kikimbana, hapo si suala la simu ya kliniki tena, ni dharura.

Jirani Mwema
Nina swali ambalo sioni limeguswa. Mama yangu uzito wake haujabadilika kabisa, ni kilo 54 wiki zote hizi, lakini hali chakula vizuri, tumbo limejaa, na sasa analalia mito mitatu badala ya mmoja. Furosemaidi anameza kama alivyoandikiwa, ila mkojo umepungua. Mizani inasema yuko salama.

Muuguzi Mstaafu
Mizani hujumlisha nyama na maji, ndugu yangu. Asiyekula hupungua nyama, na maji yakichukua nafasi yake namba hubaki palepale. Huenda ile 54 haimfai tena, na uzito wake wa kulenga unahitaji kupangwa upya. Tena utumbo ukivimba, kidonge hakinyonywi vizuri, na wakati mwingine inabidi dawa ipitie kwenye mshipa. Usimwongezee mwenyewe. Mito mitatu, yaani kukosa pumzi akilala chali, inatosha kuwapigia leo.

Mzee Mtulivu
Kwa hiyo mizani haina maana?

Fundi Saa
Mzee, ina maana ukiisoma pamoja na mito.

Jirani Mwema
Nimewapigia. Wamesema nimlete mchana huu, nije na daftari na dawa zote zilizo kwenye boksi, hata zile asizotumia tena.