Nyanya kreti 60: nitangaze kwa kreti au kwa kilo, na nichume kabla au baada ya mnunuzi kuja?

Bustani ya Bondeni

Wakuu, naomba macho yenu. Nina nyanya za kujaza kreti 60 za plastiki, mchumo wa pili, na nataka zitoke kwa mnunuzi mmoja au wawili, si kidogo kidogo.

Msimu uliopita nilitangaza hivi: "Nyanya mbichi kabisa, daraja la kwanza, kreti 60, ziko tayari." Mnunuzi alikuja na gari kesho yake, akafunua kreti ya juu, akanitazama. Yeye aliposoma "mbichi" alijua ni za kijani, za kuvumilia safari ya siku tatu. Mimi nilimaanisha zimetoka shambani siku hiyo hiyo. Zilikuwa nyekundu zote. Akabeba kreti 20 tu, zilizobaki nikazunguka nazo mpaka zikaanza kutoa maji.

Safari hii nimeandika matangazo mawili, sijui nitoe lipi.

La kwanza: "Nyanya kreti 60, daraja la kwanza, zimechumwa tayari, njoo upakie."

La pili: "Nyanya kilo 1,200, daraja la kwanza, zitachumwa ukishathibitisha."

La kwanza ni rahisi, kila mtu anajua kreti. La pili naona ni la kitaalamu, ila mizani yangu inapima mwisho kilo 50 na sina nguvu ya kupima kreti zote.

Dereva wa Usiku

Mimi nanunua na kusafirisha mwenyewe. Tangazo la kwanza siji. "Zimechumwa tayari" lini? Jana? Juzi? Nikiendesha kwa saa tano kuja kutazama nyanya za juzi, mafuta yangu nani analipa? La pili nakuja, lakini nikishathibitisha usiniambie "subiri wachumaji wanakuja". Nimewahi kufika saa 11 alfajiri nikaanza kupakia saa 8 mchana, jua lote limeingia kwenye nyanya.

Fundi Ubaridi

Kaka, shida yako ni kuhifadhi, si maneno ya tangazo. Tafuta chumba cha baridi, hata friji kubwa ya kukodi, shusha mpaka nyuzi 4 au 5. Nyanya zitakusubiri wiki mbili na mnunuzi atakuja siku anayotaka. Baridi ndiyo inayozuia kuiva.

Mpanga Kreti

Fundi, kwenye baridi kuzuia kuiva uko sawa. Kwenye nyuzi 5 unampoteza mwenzako. Nyanya ambayo haijaiva ikikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 12 hivi inaumia bila kuonyesha. Ukiitoa inakataa kupata rangi vizuri, inabaki na mabaka, kisha inaoza kuanzia kwenye vidoa vidogo. Mnunuzi anaipokea nzuri, siku mbili baadaye anakupigia simu. Ambayo imeshakuwa nyekundu inastahimili baridi zaidi kidogo, lakini hata hiyo si ya kuisahau ndani, ladha inakufa.

Bondeni, nimefanya kazi ya kuchambua na kupanga nyanya miaka mingi, kwa hiyo nitasema kwa urefu. Usichague kati ya kreti na kilo. Andika zote mbili, na huhitaji kupima kreti 60. Chukua tano, usiziteue, toa mbili pembeni, mbili katikati na moja ya mwisho kujazwa. Zipime na nyanya zake, kisha utoe uzito wa kreti tupu.

Nikupe mfano. Tuseme tano zimekupa 24, 21.5, 23, 22 na 24.5. Jumla 115. Kreti tupu ni kilo 2, mara tano ni 10, inabaki 105. Kwa hiyo kreti moja ni kilo 21 za nyanya, na 60 ni kilo 1,260. Unaandika "kreti 60, wastani wa kilo 21 kila moja bila uzito wa kreti". Mwenye kuhesabu kwa kreti ameridhika, mwenye kuhesabu kwa kilo ameridhika, na atakayepima akakuta 20 na nusu hatakuita mwizi.

Mama Viazi

Haya ya uzito yamenikumbusha yangu. Niliuza viazi magunia 30, tukakubaliana kwa gunia. Vijana wa mnunuzi wakaja na magunia yao, wakajaza, wakashindilia, wakashonea juu kilemba cha lumbesa. Magunia yangu 30 yakaisha kwenye 23! Tangu siku hiyo nauza kwa kilo tu, gunia ni la kubebea. Ila mdogo wangu, mbona usisubiri nyanya zikomae vizuri ndiyo uchume? Mimi viazi nasubiri majani yakauke kabisa.

Bustani ya Bondeni

Mama, pole kwa hayo magunia. Nyanya hazisubiri kama viazi, majani yakikauka na mimi nimekauka.

Mpanga, hapo kwenye kreti tano nimeelewa. Sasa "daraja la kwanza" niliache hivyo?

Mpanga Kreti

Lifute. Kila mtu ana daraja lake la kwanza kichwani, na la mnunuzi huwa juu kuliko la muuzaji.

Mwaga kreti tatu kwenye turubai, kivulini. Chukua kipande cha boksi, toboa tundu la duara lenye upana wa sentimita 5. Nyanya inayopita tundu ni ndogo, isiyopita ni kubwa. Kubwa, ngumu, isiyo na ufa wala tundu la mdudu, weka upande mmoja. Ndogo au yenye kovu kavu lililokwisha kufunga, upande wa pili. Iliyopasuka, laini au yenye doa la maji inatoka kabisa. Hiyo usimpe mtu hata kama nyongeza, maana moja ikipasuka katikati ya kreti inalowesha kumi.

Tuendelee na mfano wetu. Kreti tatu ni kilo 63. Tuseme umepata 44 kubwa safi, 13 za pili na 6 za kutupa. Ukirudisha hesabu hiyo kwenye kreti 60, ni kama kreti 42 za kwanza, 12 za pili na 6 usizotangaza. Sasa unaona kwa nini msimu uliopita "kreti 60 daraja la kwanza" isingekuwa kweli hata kama neno "mbichi" lisingekuwepo. Huna 60 za daraja la kwanza. Una 42.

Na kreti isijazwe kupita ukingo. Ukipandanisha, ya juu ikae kwenye plastiki, siyo kwenye nyanya.

Dereva wa Usiku

Hapo kwenye ukingo naomba muuzaji yeyote anayepita hapa asome mara mbili.

Nami niongeze la rangi. Usiniandikie "freshi". Niambie rangi ikoje kitakoni na imechumwa saa ngapi. Mimi natafuta iliyoanza tu kugeuka, kitako kina rangi ya njano au waridi kidogo na kwingine bado kijani. Hiyo inaiva ikiwa njiani. Mwenye mgahawa jirani yako anataka nyekundu kabisa. Nyanya zile zile, wanunuzi wawili tofauti.

Fundi Ubaridi

Sawa, nimekubali kwa nyuzi 5. Basi achume za kijani kabisa, hizo hazina haraka, atauza wiki nzima.

Mpanga Kreti

Za kijani zipo za aina mbili na kwa macho zinafanana. Kata moja kwa kisu kikali katikati. Mbegu zikikwepa kisu kwa sababu zimezungukwa na ute, imekomaa, itaiva hata nje ya shina. Kisu kikikata mbegu zenyewe na ndani ni pakavu, ni changa. Hiyo hata ikipata rangi itakuwa na ladha ya maji, kama itapata. Kwa mtu asiye na uzoefu, kuchuma zilizoanza kugeuka ni salama zaidi kwa sababu rangi yenyewe imekuthibitishia.

Kuhusu saa: subiri umande ukauke, anza kama saa 2 asubuhi, umalize kabla jua halijawa kali. Nyanya iliyochumwa na maji juu yake inabeba uozo kwenda nao kwenye kreti. Ukishachuma, kivuli na hewa. Usifunike turubai la plastiki juu ya kreti ukadhani umezitunza, umezipika.

Bustani ya Bondeni

Kwa hiyo nichume kabla au baada ya kuthibitisha? Hapo bado nimesimama njia panda. Nikichuma kabla, asipokuja nimekwisha. Nikisubiri, nyekundu zinalainika shambani.

Dereva wa Usiku

Baada ya malipo ya awali. Mimi natuma kidogo jioni, wewe unachuma asubuhi, nafika saa 10 alasiri, napakia kwa saa moja na nusu, naondoka usiku kukiwa na ubaridi. Asiyetuma kitu haji, huo ndio uzoefu wangu.

Mpanga Kreti

Kwa zilizoanza kugeuka nakubaliana naye. Zilizokwisha kuwa nyekundu zichume hata kama hakuna aliyethibitisha, uwauzie wa karibu siku hiyo hiyo. Ukiziacha zimsubiri mnunuzi wa mbali, unaharibu biashara mbili.

Bustani ya Bondeni

Nimepima kreti tano zangu. Wastani wangu umetoka 20 kamili. Kumwaga tatu kumenipa picha mbaya kidogo kuliko ya mfano. Hili ndilo nimeandika:

"Nyanya kreti 40, wastani wa kilo 20 kila moja bila uzito wa kreti, hazijavuka ukingo. Kubwa kuliko sentimita 5, ngumu, hazina ufa wala tundu. Rangi: zimeanza kugeuka kitakoni, si nyekundu. Zitachumwa Jumatano saa 2 hadi saa 5 asubuhi, kwa atakayetanguliza malipo kabla ya Jumanne saa 12 jioni. Kupakia Jumatano saa 10 alasiri hadi saa 1 usiku. Ukichelewa hadi Alhamisi, mwisho saa 3 asubuhi na rangi itakuwa imesogea. Kreti zinarudi. Zipo pia kreti 11 za ndogo na zenye kovu, zinauzwa peke yake."

Mama Viazi

Hiyo hata mimi nimeielewa, na si mtu wa nyanya.

Dereva wa Usiku

Nzuri. Umesahau jambo moja: uzito ni wa wapi? Hapo shambani au ninakoshushia? Nyanya inapoteza maji njiani, na kilo 800 zako mimi sizishushi zikiwa 800.

Bustani ya Bondeni

Wa shambani, kaka. Zikishapanda gari ni zako.

Dereva wa Usiku

Wewe unasema hivyo. Ninayempelekea anapima upya mlangoni kwake na analipa anachokiona.

Mpanga Kreti

Hili nimelisikia likibishaniwa tangu nianze kazi. Mimi hupendekeza wapime kreti tatu pamoja shambani, dereva akiwepo, waandike namba. Lakini tofauti ikitokea huko mbele, nani anaibeba, mtaelewana wenyewe kabla kreti ya kwanza haijapanda.