Bandugu, nichore aje ramani ya kuonyesha tablo gani zinaleta kila hesabu ya rapoti?

Mtoto_wa_Katuba
Jambo bandugu. Mi niko Lubumbashi, natumika kwa kampuni moja ya kuuzisha simenti na mabati, tuko na depo tatu, Kenya, Katuba na Ruashi. Kila mwisho wa mwezi natosha rapoti kwa Excel, inavuta data kwenye PostgreSQL. Sasa mwezi wa tatu kwa B4, pale panaandikwa mauzo neti kwa dola, ilitoka 48,210, na mama kontable kwa daftari yake iko na 51,330. Shefu akaniuliza tu "hii hesabu inatoka wapi?" nikabaki kimya, sababu mwenye alitengeneza zile view alishaacha kazi na hakuacha hata karatasi. Shefu anataka nimuletee mchoro wa ukurasa mmoja: kila hesabu na tablo zake. Tablo ziko 60 na kitu. Naanzia wapi?

Dereva_Likasi
Kama ni ramani ya depo, mi natumiaka QGIS, haina malipo, unaweka tu GPS ya kila depo na barabara. Ya Ruashi utaipata mbio.

Mtoto_wa_Katuba
Hapana vye, hapa si ramani ya barabara 😅 ni njia ya data, kutoka tablo mpaka kwa rapoti.

Fundi_Kampemba
Hiyo ni rahisi ndugu, usijisumbue. Fungua pgAdmin, kuko ERD Tool, inachora yenyewe tablo zote na mistari yake, unapiga picha unamupa shefu, kazi imeisha.

Yaya_Takwimu
Fundi, ile mchoro ni nzuri lakini inajibu swali lingine. ERD inaonyesha tablo gani inashikana na nyingine kwa funguo, haijui B4 ni nini, na utamupa shefu sanduku 60 ye anauliza hesabu moja. Tena tablo mbili zinaweza kutumika pamoja kwa view bila funguo yoyote kati yao, ERD haitachora mustari pale.

Mdogo wangu, usianzie kwa tablo. Anzia mwisho, kwa B4, urudi nyuma pole pole. Simama kwa B4, bonyeza Ctrl+[ na Excel itakupeleka kwa seli zenye inazitumia. Kila seli uliza kama ni fomula, ni data inatoka kwa view, ao ni mutu aliandika kwa mukono. Ukifika kwa view, uliza Postgres yenyewe, usikisie kwa jina:

```sql
SELECT table_name
FROM information_schema.view_table_usage
WHERE view_name = 'v_mauzo_usd';
```

Angalisho mbili. Inashuka ngazi moja tu, kwa hiyo kama jibu liko na view ingine, unarudilia na ile. Na inakuonyesha tu tablo zenye mwenyewe wake ni role yenye unatumia, kwa hiyo ukiingia na akaunti ya kusoma tu unaweza kupata orodha tupu ukafikiri hakuna kitu. Pale soma view yenyewe:

```sql
SELECT pg_get_viewdef('v_mauzo_usd'::regclass, true);
```

Tuletee yenye utapata.

Mtoto_wa_Katuba
Asante yaya. Njo hii:

```
B4 = B2 - B3
B2 <- v_mauzo_usd <- factures, lignes_facture,
                     depots, v_taux_siku
v_taux_siku <- taux
B3 <- (haina fomula)
```

Ile orodha kweli ilitoka tupu mara ya kwanza! Tablo 4 tu kumbe, na mi nilikuwa naogopa 60. B3 ni bidhaa zenye zilirudishwa.

Mama_Bukavu
Hiyo B3 bila fomula inanikumbusha yetu huku Bukavu. Tulikuwa na rapoti ya watu wenye walipata musaada, tukachora vizuri sana, na hesabu moja bado ilikuwa inahama kila wiki bila mutu kugusa database. Mwisho tukajua kijana wa stoki alikuwa anakopi kutoka faili yake ya Excel na kubandika, na faili alikuwa nazo mbili. Weka sanduku la rangi ingine kwa kila kitu cha mukono, na uandike nani anaijaza na siku gani.

Yaya_Takwimu
Mama amesema kweli, B3 ipate sanduku lake. Sasa kwa ile B2, usichore mishale yote sawa. `lignes_facture` inaleta feza. `depots` haileti hata franka moja, inachagua tu faktire gani zinaingia, huyo mupe mushale wa nukta nukta. `taux` iko na kazi zote mbili: inageuza franka kuwa dola, na kama imeunganishwa na JOIN ya kawaida, siku yenye haina taux, faktire ya siku ile inaanguka kimya kimya, bila kosa lolote kwa skrini. Mi ningeanza kutafuta pale. Hesabu faktire za mwezi wa tatu kwa `factures`, kisha hesabu zenye zinabaki kwa view.

Mtoto_wa_Katuba
Yaya!! `factures` 1,412, view 1,356. 56 zimepotea, zote za franka, na zote ni za siku ya yenga. Depo zinafungua yenga mpaka saa sita, lakini mwenye anaandika taux anakuja tu kuanzia jumatatu mpaka siku ya posho.

Fundi_Kampemba
Basi badilisha JOIN ikuwe LEFT JOIN, zitarudi zote.

Mtoto_wa_Katuba
Nimefanya, hesabu ni 1,412 sasa. Lakini jumla haijasogea hata dola moja??

Yaya_Takwimu
Haiwezi kusogea. Faktire zimerudi lakini taux yao ni NULL, kugawa na NULL inatoa NULL, na SUM inaruka NULL bila kukuambia. Hapo kosa limejificha zaidi, sababu sasa ukihesabu mistari utaona yote iko sawa. Tafuta taux ya mwisho mbele ya siku ile:

```sql
LEFT JOIN LATERAL (
  SELECT t.kiwango FROM taux t
  WHERE t.siku <= f.siku
  ORDER BY t.siku DESC LIMIT 1
) x ON true
```

Ila kutumia taux ya siku ya posho kwa faktire ya yenga, huo si uamuzi wako wala wangu, uliza mama kontable ye anatumia gani. Na jibu lake liandike pale pale kwa mushale wa `taux`.

Mtoto_wa_Katuba
Nimemuuliza, anasema ye anachukua ya siku ya posho. Nimeweka, B4 imekuwa 51,290. Bado 40 dola.

Mama_Bukavu
40 angalia kwa B3.

Fundi_Kampemba
40 ni kukata desimali tu, achana nayo.

Yaya_Takwimu
Desimali kwa faktire 1,412 zinaweza kufanya hata dola 7 kama kila moja inakatwa karibu nusu senti upande mmoja, hazifiki 40. Mi niko na Mama.

Mtoto_wa_Katuba
B3 inajazwa na papa wa Ruashi kwa daftari, anatuma picha kwa WhatsApp, na sekretere anaandika. Picha ya wiki ya pili siioni kwa simu yake. Nimechora sanduku nyekundu, nimeandika jina la kazi yake na "picha wiki 2 haipo", shefu amebeba karatasi ile kwenda Ruashi leo asubui.