Tupeane uzoefu: biashara kwenye akaunti binafsi ya Facebook badala ya ukurasa

Mshonaji_Mwanza: Habari zenu ndugu zangu. Shemeji yangu anauza mapazia, na akaunti yake binafsi aliipa jina la duka. Juzi alikuta imefungwa, akatakiwa kutuma picha ya kitambulisho. Kitambulisho cha NIDA kina jina lake, akaunti ina jina la mapazia, kwa hiyo picha ikakataliwa. Vipimo vya madirisha na maelekezo ya wateja waliokwisha kutanguliza malipo vyote vimebaki kwenye ujumbe asioweza kuusoma. Waliopatwa na haya naomba mtueleze.

Mzee_Kariakoo: Mpe pole. Akaunti binafsi ni ya mtu mmoja, kwa jina analojulikana nalo kila siku, kwa hiyo jina la duka peke yake linatosha kuifanya itiliwe shaka. Ukurasa unaruhusiwa kubeba jina la biashara, na msaidizi hupewa ruhusa ya kujibu wateja kupitia akaunti yake mwenyewe. Dukani kwetu, kabla ya ukurasa, nywila moja ilitumika kwenye simu kadhaa, na msaidizi akiingia kwa simu mpya, namba ya uthibitisho ilikwenda kwenye laini ya mwenye duka aliyekuwa safarini, huku wateja wakisubiri bei. Ikiwa akaunti imesimamishwa, akate rufaa ndani ya siku 180.

Binti_Pwani: Mimi nimewasha “Professional mode”. Marafiki hukomea 5,000 lakini wafuasi hawana kikomo hicho, kwa hiyo sioni haja ya ukurasa.

Mzee_Kariakoo: Kuhusu kikomo umesema kweli, dada. Hata hivyo akaunti ni ileile, na ikifungwa wafuasi wote wanakwenda nayo.

Fundi_Mbeya: Mimi nilipoteza laini ya WhatsApp, nikaenda na kitambulisho kwa kampuni ya simu, nikairudisha siku hiyohiyo. Kwa nini shemeji asifanye hivyo?

Mshonaji_Mwanza: Laini anayo mkononi, kaka. Kinachogomba ni jina.

Mama_Keki: Wateja ambao si marafiki zangu, ujumbe wao ulikuwa ukiingia kwenye “Message requests” nisikoangalia. Oda moja ya keki niliiona harusi ikiwa imekwisha kupita. Sasa nina ukurasa, lakini msimamizi ni mimi tu. Akaunti yangu ikifungwa, nitauingiaje?

Mzee_Kariakoo: Hutauingia, mama, maana ukurasa hufunguliwa kupitia akaunti ya mtu. Ongeza mtu wa pili mwenye “Full control”, ukijua kwamba huyo naye anaweza kukuondoa wewe. Mimi nilimweka mke wangu, wafanyakazi nikawapa ruhusa ya kujibu ujumbe tu.

Mama_Keki: Mshonaji, waliotanguliza malipo kwa simu, majina na namba zao zimo kwenye ujumbe wa muamala. Shemeji aanze kuwapigia hao leo.

Mshonaji_Mwanza: Ahsante, tunaufungua ujumbe huo wa muamala sasa hivi. Wapo waliolipa kupitia wakala. Hao sijui tutawapataje.